Usipeane Juu: Mwongozo wa Kutafsiri Vitenzi vya Mkia

Mwongozo huu ni wa kijana wa Likoni, Kisauni au Changamwe ambaye mtaa mzima umeshaamua kwamba anajua Kiingereza. Huenda alipata alama nzuri shuleni, huenda alifanya kazi miezi miwili katika hoteli ya watalii kule Bamburi, au huenda anavaa miwani tu. Sababu haina haja. Tangu uamuzi huo upite, kila barua ya ofisini inaletwa kwake aisome, na kila tangazo la kikundi anapewa yeye "alitie Kiswahili". Katiba ya 2010, kifungu cha 7, inasema Kiswahili ni lugha ya taifa na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Wanaoandika barua hawajafika kifungu hicho.

Maneno makubwa hayatakusumbua. Neno refu la Kiingereza lina maana moja au mbili, na kamusi itakupa. Vitakavyokutoa jasho ni vile vitenzi vidogo ambavyo mtoto wa darasa la pili anavijua: "give", "look", "put", "run". Vikiwa peke yake havina neno. Vikishaota mkia, yaani kineno kama "up", "off", "into" au "down", vinakuwa viumbe vingine kabisa. Walimu wa Kiingereza wana jina lao la kuviita. Sisi tutaviita vitenzi vya mkia, tuendelee na kazi.

Hatua ya kwanza: tafsiri kila neno peke yake, upate sifa

Njia hii ndiyo nyepesi na ndiyo inayopendwa zaidi. "Give" ni kupeana, "up" ni juu, basi "don't give up" ni "usipeane juu". "Look into" inakuwa "angalia ndani". "Break down" inakuwa "vunjika chini". Na mtu aliyeishiwa maji Kisauni, Mwingereza akisema ame-"run out of water", wewe andika kwamba amekimbia nje ya maji.

Faida yake ni kwamba hakuna atakayeelewa, na asiyeelewa hawezi kukukosoa. Kasoro ni kwamba watu wa kwetu si wa kunyamaza. Unasoma tangazo lako kwa madaha, bibi mmoja wa mstari wa nyuma anainua mkono: "Tusipeane juu wapi, mwanangu? Ghorofani?" Hapo ndipo utakapohitaji hatua zinazofuata.

Hatua ya pili: nenda Likoni ukaone watu wanavyoteremka

Kabla hujatafsiri mkia, hakikisha kwamba kweli ni mkia. Mahali pazuri pa kujifunzia ni kwenye mteremko wa feri pale Likoni, asubuhi, feri inapokaribia kuondoka. Kuvuka kwa miguu ni bure, kwa hivyo somo hili halina karo.

Tuchukue "run down" peke yake. Abiria aliyechelewa ana-"run down" mteremko. Simu yake, aliyoitumia usiku kucha, nayo ina-"run down". Pikipiki isiyo na breki inaweza kum-"run down". Na wanawake wawili walioweka vikapu chini wanaweza kuwa wana-"run down" jirani yao ambaye hayupo kujitetea. Kiingereza kimetumia kitenzi kimoja na mkia mmoja. Kiswahili kina mambo manne: abiria anateremka mbio, simu inaisha chaji, pikipiki inagonga, jirani anasengenywa.

Katika hayo manne, la kwanza tu ndilo lenye "chini" ya kweli, maana mguu wa mtu unakwenda chini. Hayo mengine hayana chini yoyote. Basi jiulize kila mara: kuna kitu kinachosogea kwenda huko mkia unakoelekeza? Kama kipo, tafsiri mwendo. Kama hakipo, usitafute juu wala chini, tafuta tukio.

Hata pale penye mwendo wa kweli, tazama Kiswahili kilivyoupanga. Mwingereza huweka miguu katika kitenzi na njia katika mkia: anakimbia, kisha anaongeza chini. Sisi tunaweka njia katika kitenzi chenyewe, anateremka, halafu miguu inafuata nyuma: mbio. Anaingia mbio, anatoka mbio, anapanda mbio. Mwanaisimu Mmarekani, Leonard Talmy, alizigawa lugha kwa kipimo hicho hicho, zile zinazoitia njia ndani ya kitenzi, kama Kihispania, na zile zinazoiweka nje, kama Kiingereza. Makanga wa Likoni hajamsoma Talmy, lakini hujawahi kumsikia akimwambia abiria "nenda ndani". Anamwambia "ingia", na akikawia anaambiwa tena kwa sauti.

Hatua ya tatu: usiulize neno lina maana gani, uliza mtu amefanya nini

Sasa tuingie kwa "give up", kwa kuwa ndiyo inayoandikwa kwenye fulana, kwenye vioo vya matatu na kwenye hotuba za wageni wa heshima siku ya kufunga shule. Wanafunzi wengi wamekariri kwamba ni "kukata tamaa", wakatulia. Kukata tamaa ni sawa, lakini ni chumba kimoja tu cha nyumba yenye wapangaji wengi.

Kijana wa Changamwe anayetafuta kazi bandarini, akirudi nyumbani kila jioni bila jibu, huyo ndiye aliyekata tamaa. Au amevunjika moyo. Usidhani ni mamoja. Tamaa anaikata mwenyewe, kwa hiari yake. Moyo unavunjika, na kile kiungo cha -ik- kinatuambia kwamba ni jambo lililompata, hakulifanya. Ukimwandikia barua ya kumtia nguvu, mwambie asikate tamaa, kwa kuwa hilo liko mikononi mwake.

Babu yake aliyekuwa akivuta sigara, daktari akamkanya, naye akatii, hakukata tamaa na sigara. Amewacha sigara. Hapa Mombasa tunasema "wacha", vitabu vinasema "acha", na lawama ni ya mkutano wa 1928 uliokuja kukaa hapa hapa Mombasa, halafu ukachagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Andika "acha" kwenye barua, sema "wacha" barazani, na hakuna atakayeumia.

Kisha kuna kiti. Ndani ya matatu ya Kisauni amepanda mama mwenye mimba, na kijana mwenye vidude masikioni anajifanya anatazama bahari ambayo kutoka pale haionekani. Mwingereza angemtaka a-"give up" kiti chake. Utasikia mzee wa nyuma anasema: "Wewe kijana, mpishe mamaako akae kitako." Sentensi hiyo ukiielewa sawasawa, umelielewa somo zima. "Pisha" ni "pita" iliyotiwa usababishi: mfanye apite, mpe nafasi. Wala hakuna aliyetaja kutoa wala juu. Na "akae kitako" ni jibu letu kwa "sit down", kwa sababu "kaa" peke yake, kwa mtu wa Mombasa, inaweza kuwa ni kuishi. Mama yule anataka kiti mpaka Bombolulu tu, hataki kupanga.

Mtu anayetafutwa na polisi naye aki-"give himself up", amejisalimisha. Jeshi lililozidiwa likifanya hivyo, limesalimu amri. Na mtoto aliyeshindwa na kitendawili usiku, yeye anaambiwa atoe mji. Anatoa Mombasa, au anatoa Lamu akiwa mkarimu, halafu anapewa jibu. Kwa hivyo ukikuta "I give up" katika hadithi ya watoto wanaoteguliana vitendawili, tafsiri yake ni "nakupa mji", na mfasiri atakayeandika "nimekata tamaa" amemfanya mtoto wa miaka saba aonekane ana deni la benki.

Hatua ya nne: mkia uliopotea utafute mwishoni mwa kitenzi

Watu huuliza: kama Kiswahili hakina mikia, kazi ya mikia inafanywa na nani? Jibu ulilipewa shuleni, ukalikariri kwa ajili ya mtihani, ukalisahau siku ya kufunga. Inafanywa na minyambuliko. Yale majina yaliyokuwa yakikupa usingizi, kauli ya kutendea, kutendesha, kutendua, ndiyo karakana yenyewe.

Anza na "off" na "out" za kutoa kitu pale kilipo. Kiswahili kina mwisho wa -ua au -oa unaotendua kilichotendwa. Funika, funua. Bandika, bandua. Chomeka simu kwenye stima, chomoa ikijaa. Nguo unavaa, unavua. Na dalili bora iko uani: umeanika nguo, wingu limetanda upande wa bahari, jirani anapiga kelele, "Anua nguo, mvua yaja!" Mwingereza angehitaji mkia wa kuzitoa nje na mkia mwingine wa kuzirudisha ndani. Sisi tumebadilisha mwisho wa kitenzi tu, na nguo zimeshafika sebuleni.

Tahadhari: usilewe. Si kila kitenzi chenye -ua kinatendua kitu. Kununua si kinyume cha kununika, na anayesugua sufuria hajatendua usuguaji wa jana. Kipimo ni kuwepo kwa mwenzake: kama huna "anika", huna haki ya kuiita "anua" kinyume.

Kisha kuna mwisho wa -ia, ambao ndio hodari kuliko wote. Unamtaja yule anayepata faida au hasara ya jambo. Mwanamke aliyeweka kapu lake la maembe pale kivukoni, akitaka kwenda kununua maji, anamwambia jirani: "Mwanangu, nitizamie kapu langu." Hiyo ni "look after" kamili, haikupungua kitu. Tukitoka kwa "tazama" tukaenda kwa "tazamia", tumepata kutarajia, na hapo yule mwandishi wa barua anayeandika "natazama mbele kukuona" hana udhuru. Neno lilikuwa pale pale, lilihitaji -ia tu: natazamia kukuona.

Na Mwingereza aliye-"run out of" maji, twende kwake. Kwa Kiingereza mtu ndiye anayetenda, ndiye anayekimbia. Kwa Kiswahili mtu hana kosa. Maji ndiyo yaliyoisha, naye yamemwishia. "Maji yametuishia" ni malalamiko yanayojulikana Kisauni nzima, na tazama yalivyojengwa: maji ni mtenda, sisi ni waathiriwa, na -ia ndiyo inayotuweka katika sentensi. Ni hivyo hivyo kwa gari lililo-"break down". Likiharibika, limekufa. Likikuharibikia wewe, juani, na abiria wakidai nauli yao, limekufia. "Gari limenifia Makupa" ni sentensi fupi, lakini mna gari, mna mwenye gari na mna uchungu wake, yote katika kitenzi kimoja.

Matatu nayo inakufundisha usababishi bila malipo. Wewe unashuka, makanga anakushusha, na kwa wengi wetu anakushukisha. Usimwambie Mswahili "nitupe mbali pale Mtopanga" eti unatafsiri "drop me off". Atakuuliza umemkosea nini.

Hatua ya tano: jifunze tofauti ya kuchungulia na kuchunguza

Hapa ndipo penye uhondo, na ndipo panapohitaji uangalifu, maana tumefika kwa "look into". Kitenzi hiki ndicho kinachobeba nusu ya barua zote za ofisini. Umelalamika kuhusu taa ya barabarani, mtaro ulioziba, au mwalimu asiyekuja darasani. Jibu linakuja: watali-"look into".

Kiswahili kina shina zuri sana la jambo hili, "chungua", ambalo ni kutazama kwa makini. Kutoka hapo yamezaliwa matawi mawili. La kwanza ni "chungulia". Huku ni kutia jicho: unachungulia chungu uone kama wali umeiva, unachungulia dirishani uone ni nani anayebisha hodi. Unatazama, unajua, unaondoka. La pili ni "chunguza". Huku ni kuuliza, kupima, kulinganisha, kurudi tena, mpaka ujue kilichotokea na aliyekifanya. "Look into" ya Kiingereza inabeba yote mawili, ya chungu na ya jambo. Kiswahili kimeyatenga kwa mwisho wa kitenzi, na mfasiri analazimika kuchagua.

Wengi hukwepa uchaguzi huo kwa kuandika "tutaangalia" au "tutalishughulikia". Maneno hayo ni laini na hayamfungi mtu. Ukisema utachunguza, watu wana haki ya kukuuliza umepata nini. Ukisema utaangalia, umeshamaliza kazi siku ile ile, maana macho unayo. Kwa hivyo usiishie kwenye kitenzi, soma sentensi inayofuata. Kama barua inataja nani atakuja, lini, na ripoti itatoka siku gani, andika "tutachunguza". Kama kazi ni kufuata karatasi kutoka dawati moja hadi jingine, andika "tutafuatilia". Kama barua haitaji mtu, siku wala ripoti, basi neno lako ni "tutachungulia", na wasomaji wako watalielewa upesi kuliko aliyeandika barua.

Hatua ya sita: waachie vijana ya kwao, lakini sikiliza wanavyofanya

Utaambiwa kwamba vijana wa siku hizi hawatafsiri chochote. Wanasema "nimegivapu", "ameniletidauni", "ntakupiki saa kumi nikudropu Mtopanga". Wazee wanasikitika. Wewe usisikitike, chukua kalamu, kwa sababu vijana hawa wanafuata kanuni ambayo hakuna aliyewafundisha.

Tazama "ntakupiki" na "nikudropu". Kwa Kiingereza vitenzi hivi vilikuja na mikia yake, "up" na "off". Vilipofika ng'ambo ya feri mikia imekatwa, kwa kuwa mtu anayekufuata kwa pikipiki hana haja ya kukuambia atakuelekeza juu, na akikushusha umeshashuka. Lakini "givapu" haikukatwa. Bila mkia inabaki kupeana, maana imekufa, basi wameimeza nzima kama neno moja. Mkia usio na kazi unatupwa, mkia wenye maana unashikwa. Aliyeandika "usipeane juu" angejifunza kwao.

Tena angalia wanavyozivalisha. Mbele zinapokea kila kitu: ni-me-givapu, si-ja-givapu, a-me-ni-letidauni, na kile kiambishi cha mtendwa kimekaa mahali pake sawasawa. Nyuma ndipo penye kizuizi. Jaribu kusema "nimegivapiwa" au "wamegivapuana" uone watu watakavyokutazama. "Saini" imekaa nasi siku nyingi mpaka inakubali kusainiwa na kusainisha. "Givapu" bado ni mgeni wa mlangoni. Ndiyo sababu huwezi kuitumia katika barua inayotaka kusema nani alikatiwa tamaa na nani alikatishwa tamaa. Kwa hayo utarudi kwa "kata", na "kata" haitakuangusha: katia, katisha, katiwa, katishwa.

Hatua ya saba: kaa mbali na mbele na nyuma

Mitego mingine inachekesha. Huu unapoteza watu. Mwingereza akisema mkutano ume-"brought forward", maana yake utafanyika mapema kuliko ilivyopangwa. Akisema ume-"put back", umecheleweshwa. Kiswahili kina mazoea yake: mkutano ukisogezwa mbele, umeahirishwa, umekwenda siku za baadaye. Maneno yanafanana, maana zinapishana kama matatu mbili kwenye daraja la Nyali.

Mfasiri anayefuata neno kwa neno hapa hachekwi. Anaaminiwa, na hilo ndilo baya. Tiba ni rahisi: usiandike mbele wala nyuma. Taja siku ya zamani na siku mpya.

Zoezi: barua ya pampu

Tuseme kikundi cha wakaazi wa mtaa mmoja wa Kisauni wana kisima chenye pampu ya stima, na ofisi fulani inayohusika imewaandikia. Barua inasema pampu "broke down". Mkataba wa fundi wa kwanza ume-"called off". Mkutano wa Jumamosi ume-"brought forward" kuwa Alhamisi saa nane mchana, pale pale kisimani. Mhandisi atali-"look into" tatizo siku hiyo hiyo na kuleta ripoti ya maandishi. Wakaazi wanaombwa "turn up" kwa wingi na wasi-"give up".

Mfasiri wa hatua ya kwanza anatoa hivi: "Pampu imevunjika chini. Mkataba umeitwa mbali. Mkutano umeletwa mbele. Mhandisi ataangalia ndani. Wakaazi wageuke juu na wasipeane juu." Tangazo linabandikwa ukutani. Watu wanajua kuna mkutano, na wanajua umesogea mbele ya Jumamosi. Alhamisi mhandisi anafika, anakuta kuku na mtoto mmoja.

Sasa tufanye polepole. Pampu kwanza. Ukisema imevunjika, fundi atakuja na gundi, kwa kuwa kilichovunjika kiko vipande vipande. Pampu iliyonyamaza imeharibika. Kuvunja utakuhitaji katika sentensi ya pili: mkataba wa Kiswahili ndio unaovunjwa, kama uchumba. Mwisho wa -wa uuache hapo, maana kuna aliyeuvunja, na wakaazi watapenda kumjua. Mkutano uutajie siku. Mhandisi ana jina la kazi, ana siku na ana ripoti, kwa hivyo anastahili "kuchunguza". Wakaazi hawageuki popote, wanajitokeza. Na wasikate tamaa.

Tangazo linakuwa hivi:

"Pampu ya kisima imeharibika. Mkataba na fundi wa kwanza umevunjwa. Mkutano uliokuwa ufanyike Jumamosi hautakuwako siku hiyo. Utafanyika Alhamisi, saa nane mchana, pale pale kisimani. Mhandisi atakuja siku hiyo kuchunguza kilichoharibika, na atatuletea ripoti ya maandishi. Tafadhali jitokezeni kwa wingi, na msikate tamaa."

Mikia sita imeingia, hakuna hata mmoja uliotokea upande wa pili. Mmoja umekwenda katika kitenzi kingine kabisa, mmoja umekwenda katika kiambishi cha kutendwa, mmoja umekuwa majina ya siku, mmoja umeangukia kwenye tawi la "chungua", mmoja umekuwa kujitokeza, na mmoja ukawa msemo wa maneno mawili. Hakuna kanuni moja inayoikusanya yote, na anayekuuzia kanuni moja anataka pesa zako.

Neno la mwisho kwa mfasiri wa mtaa

Ukishamaliza, usimwoneshe mwalimu wala mtu mwingine anayejua Kiingereza, kwa sababu yeye ataona Kiingereza kilichojificha nyuma na atakielewa. Msomee mtu asiyekijua kabisa, kisha umwulize atafanya nini, wapi na lini. Akikujibu, "Alhamisi saa nane niko kisimani," umetafsiri. Akikusifu kwamba Kiswahili chako ni kizuri mno, chukua barua yako uanze upya.